Mapenzi kwa Herufi Ishirini na Saba

Ukitaka kunijua mimi ni mtu wa aina gani, nipe filamu ya mapenzi. Wenzangu watalia, mimi nitakuwa nahesabu herufi. Msichana anamwambia kijana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na mimi natukana chini kwa chini kwa sababu ameyasema haraka na kamera ikamtoroka.

Kazi yangu ni kuandika sabtaito, yale maandishi ya chini ya skrini ambayo unayasoma bila kujua kuna mtu aliyaumizia kichwa. Niliacha kufundisha Kiswahili kwa sababu siwezi kukaa mahali pamoja, kisha nikachagua kazi ya kukaa mahali pamoja. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa hiyo nafanya kazi nikitembea. Nyumba yangu hapa Kapsoya ina hatua tisa kutoka dirishani hadi mlangoni, na sentensi zangu nyingi zimezaliwa katika hizo hatua, nikirudi kila mara kwenye kompyuta kuangalia kama zimetoshea.

Kutoshea ndiyo shida yote. Mtazamaji wa kawaida, kwa hesabu ninayoifuata, husoma herufi kama kumi na tano kwa sekunde, nafasi na nukta zikiwemo. Mistari ni miwili, isizidi. Picha ikikatwa kwenda kwa mtu mwingine, maandishi yaondoke pia, kwa sababu yakibaki jicho hudhani ni mapya na kuyasoma tena. Sasa chukua mama wa Uasin Gishu anayeongea Kikalenjin kama mvua ya Aprili, umweke katika Kiswahili changu ambacho ukikanusha tu neno linarefuka, kisha uniambie nisitembee.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mwalimu mmoja wa sekondari ambaye alikuwa ameamua, katika umri wa watu kununua ng'ombe wa kustaafia, kuwa dairekta. Aliipiga kule Ainabkoi, kwenye shamba la familia yao, kwa Kikalenjin kitupu. Ni hadithi ya mwanamume aliyekwenda kutafuta kazi mbali, akakaa miaka, na mwanamke aliyebaki. Hakuna bunduki, hakuna mtu anayepigwa makofi. Ni watu wawili wa makamo wanaoshindwa kuambiana jambo moja. Mimi Kikalenjin changu ni cha sokoni, cha salamu na bei ya viazi, kwa hiyo dairekta alinipa karatasi ambazo alikuwa amezitafsiri neno kwa neno, na mimi kazi yangu ilikuwa kuyapunguza maneno hayo mpaka yaenee, bila kuyaua.

Nilijivunia hiyo kazi, sitaficha. Mahali mwanamume anasema, "Nilipokuwa huko mbali nilikuwa nikifunga macho naona moshi unatoka jikoni kwako," niliandika, "Huko, nilikuwa naona moshi wako." Mahali anauliza kama mwanamke amekula, dairekta alitaka niongeze kitu kitamu. Nikakataa. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu mtu ametembea siku mbili, na neno la kwanza ni 'Umekula?' Ukiongeza sukari hapo utaharibu chai." Alicheka akaniachia.

Halafu nikafika mlangoni.

Mwanamume amerudi. Mwanamke yuko mlangoni, anafuta mikono na leso. Anasema sentensi moja, haraka, akiangalia pembeni. Picha inakatwa inaenda kwa mwanamume, na papo hapo mwanamume anaanza kuongea. Nilipima: sekunde moja na fremu ishirini, yaani sekunde mbili kasoro kidogo. Herufi ishirini na saba, basi. Na kwa karatasi ya dairekta, mwanamke alikuwa amesema: "Kile kibuyu chako cha maziwa kingali mahali pake, tangu uende hajakinywea mtu mwingine."

Nilitembea siku mbili kwa hiyo sentensi. Nilijua maana yake, dairekta alikuwa amenieleza. Kwao kila mtu wa nyumba alikuwa na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha. Mwanamke ndiye hukisugua kwa mkaa, ndiye hukijaza, na kibuyu cha mwenye nyumba hakipewi mgeni. Mwanamke anayesema hivyo amesema yote. Lakini mimi nilikuwa na herufi ishirini na saba, na siku ya kuonyesha watu wachache kwanza ilikuwa imekaribia, na kichwa kilikuwa kinaniwaka. Siku ya pili alasiri nikaketi, nikaandika kwa hasira:

"Nimekungoja. Nakupenda."

Herufi ishirini na tatu. Nikasema, aki wacha ikae, si ndiyo maana yake? Nikaenda kununua mkate.

Jumamosi tulikutana kwenye ukumbi mdogo wa kanisa, watu kama thelathini: waigizaji, jamaa zao, na wazee wawili waliokuja kwa sababu waliambiwa kutakuwa na chai. Waigizaji wenyewe hawakuwa waigizaji. Yule mwanamke wa mlangoni huuza maziwa Cheptiret, na dairekta alimchukua kwa sababu alimwona akibishana na mteja akamwogopa. Alikuja na mume wake, dereva wa malori, mtu wa Kakamega, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Wanaishi kwa Kiswahili hao wawili, kwa sababu yeye hajui Kikalenjin na mke hajui Kiluhya, na watoto wao wanaongea vyote vitatu.

Nilikuwa nimesimama nyuma, ndiyo kawaida yangu. Filamu ikafika mlangoni. Mke akafuta mikono. Maandishi yangu yakatokea, meupe, safi, yakaondoka kwa wakati.

Dereva akasimama. Hakupiga kelele, na ndiyo maana kila mtu alimsikia. Alimwangalia mke wake aliyeketi hapo kando yake, akamwambia, "Ulisema hakuna hiyo neno."

"Sijasema hiyo neno, Baba watoto."

"Nimesoma."

"Mimi sijasema!"

Akachukua kofia yake akatoka. Mke akabaki akiangalia skrini, ambako yeye mwenyewe alikuwa bado anamwangalia mwanamume mwingine kwa upole mkubwa. Nilitamani sakafu ipasuke. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama chai sasa itatoka ama vipi.

Jumatatu yule mke alikuja kwangu. Alikuwa ameuza maziwa yake asubuhi, akapanda gari mpaka mjini, akapanda boda mpaka Kapsoya, na alipoingia hakukubali kiti. Tukawa wanawake wawili tumesimama.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilimwahidi. Alikataa nisiigize, wakaja wazee wa kanisa kuongea naye, akakubali kwa neno moja: nisimwambie mwanaume mwingine nampenda. Hata kwa mchezo. Nikamwambia, hakuna mahali pa kusema hivyo. Na hakuna! Kwetu nani husema hivyo? Sasa tangu Jumamosi analala kwa lori. Ananiita mwongo. Miaka kumi na nne mimi sijawahi kumdanganya hata bei ya sukari."

Nilianza kueleza mambo ya sekunde na fremu. Niliongea kama mtu anayeuza bima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hivyo uliandika kitu sijasema kwa sababu kilikuwa kifupi?"

Nikasema ndiyo.

"Haya basi. Andika kile nilisema, akuje aone. Hiyo filamu mnaweza kuichoma, mimi sijali. Nataka tu aniamini."

Sijawahi kuona haya hivyo tangu nilipoacha chaki. Nilikuwa nimejiona mkubwa wa maneno ya upole, mtu wa kumkatalia dairekta sukari kwenye chai, kumbe pale penyewe palipohitaji upole ndipo nilipobandika lebo. Na hiyo lebo ilikuwa imemtoa mtu kitandani kwake.

Tulianza. Yeye dirishani, mimi mlangoni, tukapishana katikati. Niliandika, "Hakuna aliyekinywea kibuyu." Ishirini na saba kamili, nikapiga makofi. Akaisoma kwenye skrini akakunja uso. "Hii ni kama polisi wameandika," akasema. Kweli, ilikuwa ripoti ya wizi. Nikajaribu, "Kibuyu chako hakijaguswa." Ishirini na tano. Tukaangaliana. Nikawaona vijana wa viti vya nyuma wakianguka kwa kicheko, na yeye pia nadhani aliwaona, kwa sababu alianza kucheka mpaka akashika ukuta. "Futa, futa! Hiyo ndiyo itammaliza kabisa!"

Tulicheka kidogo, kisha tukakumbuka. Nilicheza kile kipande mara nyingi sana. Nilijaribu kuazima sekunde upande wa mbele, lakini hapo mwanamke anasikia hatua za mtu, na maandishi yakitangulia mdomo yanakula mshtuko wake. Nyuma hapakuwa na nafasi, mwanamume alikuwa tayari anaongea. Mvua ikaanza kwenye mabati, tukawa tunapigiana kelele.

"Dairekta aliandika nini kwenye karatasi zako?" nikamuuliza. "Kabla ya kupiga picha?"

"Aliandika nimwambie karibu, keti. Nikasema mara mbili, akakataa. Akasema, sema vile wewe ungesema kwako. Basi nikasema."

"Sasa kwa Kiswahili ungesemaje?"

Alikuwa anaangalia nje, kama mvua itamwachia gari la kurudi. Akajibu bila kufikiri, "Si ni hivyo tu. Kibuyu chako bado kipo."

Nikakimbilia kompyuta. Kibuyu chako bado kipo. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto, halafu nikaiacha kompyuta ihesabu. Ishirini na tatu, sawasawa na uongo wangu, hata nukta haikuzidi. Niliicheza. Mwanamke mlangoni akafuta mikono, akaangalia pembeni, na yale maneno yakakaa chini yake kama yalikuwa yamemngoja. Yalikuwa makavu, na ukavu wake ndio uliouma. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa, nikampikia chai.

Dereva alikuja siku iliyofuata, saa nane mchana, mkewe akiwa mbele yake hatua kadhaa. Alivua kofia mlangoni. Nilimpa kiti changu mbele ya skrini na kabla sijabonyeza kitu nikamwambia, "Baba, mkeo hakusema ile neno. Mimi ndiye niliandika. Kosa ni langu, haki ya Mungu."

Aliniangalia kwa utulivu. "Mwalimu, kumbe mtu anaweza kuandika kitu hakijasemwa?"

"Nilifanya hivyo."

"Na wewe ni mwalimu," akasema, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ukali. Halafu akamgeukia mkewe. "Basi nilikukosea. Pole." Mke akainamisha kichwa. Niliona mabega yake yakishuka, mzigo wa siku tatu ukamtoka. Kama ningekuwa na akili ningefunga kompyuta hapo hapo. Lakini mimi nilikuwa na sentensi nzuri, na nilitaka ionekane.

"Ngoja uone sasa vile alisema," nikasema, nikabonyeza.

Mlango. Leso. Kibuyu chako bado kipo.

Dereva aliangalia mwanamume wa filamu akiongea, akaangalia mpaka kipande kikaisha, akabaki anaangalia skrini nyeusi. Nilidhani hakusoma vizuri, nikarudisha nikamchezea tena. Mungu anisamehe, nikamchezea tena.

"Zima," akasema.

Mkewe alikuwa ameweka mkono mdomoni. Ni kama alikuwa ameisikia kwa mara ya kwanza.

"Mimi nikitoka safari," dereva aliniambia mimi, si yeye, "nikitoka Juba, wiki tatu, nne, huyu hawezi kuniambia karibu. Hajui kuniambia pole ya safari. Anafungua mlango ananiambia hiyo. Hiyo, Mwalimu, vile umeandika. Miaka kumi na nne. Ile ya kwanza ilinikasirisha, lakini hata nikiwa kwa lori nilikuwa nashangaa, kwa sababu haikuwa na sauti yake. Nakupenda ni ya kila mtu, iko hata kwa redio. Hii ni yangu."

"Baba watoto, aliniambia niseme vile nasema kwetu," mke akasema. "Sikuwa na nyingine."

"Najua hukuwa na nyingine."

"Ningesema nini?"

"Sijakulaumu. Kwa Kikalenjin sema, hiyo ni lugha ya kwenu, wote wanasema hivyo, na mimi hata siisikii. Lakini Kiswahili ndicho tunaishi nacho kwa nyumba."

Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai nimemshikia mgeni, na sikujua nikiweke wapi. Nilikuwa nimetafuta siku nyingi maneno ya kweli, nikayapata, na yalikuwa ya kweli kiasi kwamba yalikuwa na mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kwamba jambo hilo laweza kutokea. Tunafundishwa herufi, sekunde, mahali pa kukata mstari.

Mke ndiye aliyeamua. Alinijia, akachukua kile kikombe mkononi mwangu akakiweka mezani, akasema, "Toa."

"Niweke nini?"

"Usiweke kitu."

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Watu watadhani imeharibika. Nusu ya ukumbi hawajui Kikalenjin. Kazi ikikaguliwa, pengo kama hilo ni kosa la kwanza kuandikwa. Nilisema haya yote kwa sauti kubwa, nikitembea, na wao wawili wakanitazama wakisubiri nichoke. Nilipochoka nikaketi nikafuta. Sekunde moja na fremu ishirini, tupu.

Dairekta nilimpigia simu jioni hiyo. Aliruka juu akashuka. "Mwalimu, hapo ndipo filamu iko! Hiyo sentensi ndiyo filamu yenyewe!" Nikamwambia ajaribu kumwambia mwenye sentensi. Nikasikia ng'ombe wake kwenye simu. Kisha akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki," ambayo haikuhusu kabisa, lakini niliielewa kuwa amekubali.

Tulionyesha filamu mjini wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya ibada, ukumbi umejaa mpaka watu wakaazimana viti vya plastiki. Mimi kwa mara ya kwanza niliketi, kwa sababu dereva alikuwa amenishikia nafasi safu iliyo mbele yao na sikuwa na ujasiri wa kukataa. Maandishi yangu yalipita moja baada ya jingine na sikuyaona hata moja, nilikuwa nangoja pengo langu.

Mlango. Leso. Mwanamke akasema lake, akiangalia pembeni. Chini ya skrini hapakuwa na kitu. Upande wa kulia wa ukumbi akina mama wa Ainabkoi waliguna pamoja, lile guno la mtu aliyeguswa kwenye mfupa, na mmoja akasema kwa sauti jambo ambalo sikulielewa, wenzake wakaitikia. Upande wetu kimya. Watu waligeuka geuka. Nilitaka kuingia chini ya kiti.

Nyuma yangu kuna mama alimgusa dereva begani. "Amesema nini hapo? Mbona hawajaandika?"

Niligeuka, sikuweza kujizuia. Mke wake alikuwa ameangalia mbele, hakupepesa macho. Dereva alikuwa ameshika kofia magotini kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta.

"Sijui, mama," akamjibu. "Mimi ni mtu wa Kakamega."